Nakala ya mazungumzo na mhudumu wa tovuti: ihifadhiwe vipi ili isikataliwe?

Swali: Mhudumu wa tovuti aliniahidi kwenye dirisha la mazungumzo kwamba nitarudishiwa fedha, na sasa kampuni inakana. Nina picha ya skrini tu. Siku nyingine nihifadhi vipi mazungumzo kama hayo?

Jibu: Picha ya skrini huonyesha kipande tu, tena ni rahisi kudaiwa kuwa imehaririwa. Kuchapisha ukurasa kwa Ctrl+P nako hakusaidii sana, kwa kuwa dirisha la mazungumzo mara nyingi hutoa ile sehemu inayoonekana pekee, na ujumbe wa juu ukaachwa. Kilicho bora ni nakala inayotumwa na mfumo wenyewe kwa barua pepe. Kabla hujafunga dirisha, tafuta kitufe kama Email transcript, na usipokiona, mwombe mhudumu akutumie nakala pamoja na namba ya kesi. Usiahirishe, kwa sababu mifumo mingi humtambua mgeni kwa vidakuzi vya kivinjari, na vikifutwa, historia haitafunguka tena upande wako.

Barua ikifika, usiishie kuisambaza kwa mtu mwingine, kwani kusambaza hutengeneza barua mpya yenye jina lako kama mtumaji. Ihifadhi kama faili la .eml, yaani faili la barua nzima kama ilivyofika. Katika Gmail, fungua menyu ya nukta tatu kando ya ujumbe, kisha uchague Download message. Faili hilo hubeba vichwa vya barua, yaani mistari ya taarifa za mtumaji na njia barua iliyopitia, na humo unaweza kukuta mistari ya namna hii:

```
DKIM-Signature: v=1; d=...
Authentication-Results: ... dkim=pass
```

DKIM ni saini ya kidijitali inayowekwa na seva iliyotuma, na maneno ya barua yakibadilishwa baadaye, haitalingana tena. Soma kikoa kilicho baada ya d=, kwa maana huenda kikawa cha mtoa huduma wa mfumo wa mazungumzo wala si cha kampuni; hilo si kasoro, ila ulieleze mapema. Saini haithibitishi kwamba mhudumu alikuwa na mamlaka ya kutoa ahadi, bali huonyesha kilichotumwa.

Jambo linalowaponza wengi ni saa. Tuseme mwisho wa kudai ni tarehe 30, nawe ukaongea na mhudumu simu yako ikionyesha saa 00:40 ya tarehe 31, ilhali nakala inasema 21:40 ya tarehe 30. Hakuna aliyeghushi: nakala imeandikwa kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya kimataifa, nawe uko mbele kwa saa 3. Angalia ukanda wa saa uliotajwa kwenye nakala na mstari wa Date wa barua, kisha uandike saa zote mbili katika malalamiko yako, ukitaja masharti ya kampuni yanahesabu siku kwa saa za wapi.

Mwisho, picha na risiti zilizotumwa ndani ya mazungumzo mara nyingi huonekana kwenye nakala kama viungo tu, na viungo hivyo vinaweza kuisha muda. Vifungue siku hiyohiyo na uhifadhi kila faili kando ya .eml.