Nundu isiyoshuka: ushauri kwa anayekadiria wimbi la mraba kwa mfululizo wa Fourier

Wanafunzi wa uhandisi wa umeme ninaowasaidia hisabati hapa Mbeya hufika kwenye mfululizo wa Fourier wakiwa na tarajio moja: kwamba ukiongeza vipengele vya kutosha, kosa litapungua kila mahali hadi lisionekane. Kwa fanksheni isiyo na mruko tarajio hilo mara nyingi ni salama. Kwa wimbi la mraba, kama lile linalotolewa na baadhi ya inveta rahisi za sola, si salama hata kidogo, na ushauri wangu wa kwanza ni kulipima kwa mkono kabla ya kuiachia kompyuta.

Chukua wimbi linalokaa kwenye -1 upande wa kushoto wa sifuri na kuruka hadi 1 upande wa kulia. Jumla ya vipengele n vya kwanza ni hii:

S_n(x) = (4/π)[sin x + (sin 3x)/3 + (sin 5x)/5 + … + sin((2n−1)x)/(2n−1)]

Weka n = 5, kisha pima mahali ambapo x ni nyuzi 18. Vipengele vitano vinatoa 0.309, 0.270, 0.200, 0.116 na 0.034, ambavyo jumla yake ni 0.929, ukizidisha kwa 4/π unapata 1.182. Wimbi lenyewe pale ni 1, kwa hiyo grafu imepanda nundu ya 0.182 juu ya mahali ilipopaswa kutulia. Sasa ongeza vipengele viwe 10: nundu inasogea hadi nyuzi 9, lakini kimo chake ni 1.180. Vikiwa 50, imefika nyuzi 1.8 na kimo ni 1.179. Nundu inazidi kuwa nyembamba na kuukaribia mruko, lakini haishuki kwenda 1.

Sababu yake inaonekana ukitazama mteremko wa grafu. Mteremko wa S_n ni (2/π)·sin(2nx)/sin x, na ukianzia sifuri kwenda kulia unakuwa sifuri kwa mara ya kwanza pale x = π/(2n); hapo ndipo kilele cha nundu kilipo. Karibu na sifuri sin x inakaribiana sana na x, kwa hiyo ukiandika t = 2nx, kimo cha kilele kinageuka kuwa 2/π mara eneo lililo chini ya sin t/t kuanzia t = 0 hadi t = π. Angalia kwamba n imetoweka kabisa katika hesabu hiyo. Eneo hilo ni 1.85194, na kimo ni 1.17898. Ziada ya 0.179 ni karibu asilimia 9 ya mruko mzima, ambao hapa ni 2, na uwiano huo ni uleule kwa mruko wowote wa fanksheni ambayo kwingineko ni laini. Henry Wilbraham alikuwa ameshalieleza jambo hili mwaka 1848, lakini limebaki na jina la Gibbs, aliyeliandikia jarida la Nature mwaka 1899.

Sehemu inayowapotosha watu wengi zaidi ni grafu ya kompyuta. Mtu huchagua pointi zilizopangwa kwa hatua ya radiani 0.01, anaweka vipengele 1000, na kwenye skrini nundu haipo. Anahitimisha kwamba imekwisha. Ukweli ni kwamba kilele sasa kiko kwenye radiani 0.00157, kati ya pointi ya kwanza na ya pili, mahali ambapo hakupima chochote. Jaribu hivi:

```python
import numpy as np
n = 1000
k = np.arange(1, 2*n, 2)
def S(x):
    return 4/np.pi * np.sum(np.sin(k*x)/k)
print(S(0.01), S(np.pi/(2*n)))
```

Namba ya kwanza itakuwa karibu 0.986 na ya pili karibu 1.179. Zote mbili ni za kweli. Ukisimama kwenye pointi moja isiyohama, kosa lake hatimaye huisha. Lakini kosa kubwa kuliko yote kwenye grafu nzima haliishi, kwa sababu linahama pamoja na n. Kwa hiyo usitegemee pointi zisizohama unapokagua jumla karibu na mruko. Pima kwenye π/(2n) yenyewe.

Hata mbali na mruko, mwendo ni wa polepole. Kwenye umbali x kutoka mruko, kosa huwa na ukubwa wa takribani 1/(πn·sin x). Katikati ya wimbi, kwenye nyuzi 90, vipengele 10 vinaacha kosa la 0.032, na ili kupata tarakimu moja zaidi ya usahihi unahitaji vipengele mara kumi. Ukisogea karibu na mruko, sin x inapungua na kosa linakua. Chanzo ni mruko wenyewe: unafanya vizigeu vipungue kwa kasi ya 1/k tu, wakati fanksheni isiyo na mruko lakini yenye kona, kama wimbi la pembetatu, ina vizigeu vinavyopungua kwa 1/k².

Dawa ninayoipendekeza kwanza, kama hujui mruko uko wapi hasa, ni vizidishi vya Lanczos. Kila kipengele unakizidisha kwa sin(u)/u, ambapo u = πk/(2n); katika programu ya hapo juu ni kuongeza `*np.sinc(k/(2*n))` ndani ya jumla. Kilele kinashuka kutoka 1.179 hadi karibu 1.024. Gharama yake ni kwamba mpando unalala: grafu inafika 1 kwa mara ya kwanza kwenye umbali wa takribani mara mbili ya ule wa awali. Njia ya Fejér, ya kuchukua wastani wa jumla zote za awali, inaondoa nundu kabisa, lakini mpando unalala zaidi, nami naitumia pale tu ambapo kuvuka kimo hakukubaliki.

Kama mruko unajulikana, ni bora kuutoa kabla ya kuanza. Mruko wa ukubwa J kwenye x = a unabebwa na fanksheni (J/π)·(π − (x − a))/2, kuanzia a hadi a + 2π na kujirudia, ambayo mfululizo wake ni (J/π) mara jumla ya sin(k(x − a))/k. Toa fanksheni hiyo, kadiria kinachobaki kwa mfululizo, kisha irudishe kama ilivyo, bila kuikata kwenye vipengele vichache. Kinachobaki hakina mruko, kwa hiyo nundu haina pa kutokea.

Kuna miruko isiyoonekana kirahisi. Fanksheni y = x kati ya −π na π inaonekana kama mstari mnyoofu usio na tatizo, lakini mfululizo unairudia, na kwenye π inaporomoka hadi −π; nundu yake ni karibu 0.56. Ili kuigundua, chapisha k mara kizigeu cha k. Kwa y = x utaona 2, −2, 2, −2 bila kupungua, na hiyo ni dalili ya mruko. Ukishautoa, chapisha tena: namba zikianza kuelekea sifuri, umetoa mruko sahihi, zikibaki palepale, kuna mwingine uliousahau, na kwa kawaida uko kwenye ncha za kipindi.