Kwa nini kikapu changu kinaelea?

*Fundi, shikamoo. Nasuka na kuuza vikapu vya mkonge hapa Tanga. Nimepiga picha kibarazani, nyuma kulikuwa na kanga nyekundu zimeanikwa na pikipiki ya mwanangu. Nimefuta vya nyuma kwa programu ya simu, nikaweka na kivuli, lakini kikapu kinaelea hewani na kingo zina wekundu. Nataka kuchapa katalogi. Nakosea wapi?*

Marahaba, mama. Nimeifungua picha yako kwenye kompyuta na nimeitazama kwa karibu. Wekundu wa kingoni tutaumaliza. Kinachonikera ni kivuli, na wewe sikulaumu, maana kila wiki naletewa picha zenye kivuli hichohicho.

Kivuli ulichopewa na programu ni nakala ya umbo zima la kikapu, ikapakwa weusi, ikasogezwa kidogo kulia na chini. Angalia kwenye vishikio: nyuma yake, juu kabisa, kuna kivuli cha vishikio. Kimeangukia nini? Ukuta haupo. Kivuli cha aina hiyo kinafaa karatasi iliyobandikwa ubaoni. Kikapu kimekaa sakafuni, na kivuli chake kinatakiwa kulala sakafuni.

Kabla hujagusa kompyuta, tandika shuka jeupe kibarazani, weka kikapu juu yake, uchuchumae uangalie kitako. Pale mkonge unapogusa shuka utaona mstari mwembamba mweusi, kwa sababu mwanga hauna pa kupenyea. Ukisogeza jicho nje kidogo, weusi unafifia na kutawanyika, maana huko mwanga wa angani unaingia kutoka pembeni. Kwa hiyo vivuli ni viwili: cha mguso, chembamba na kizito, na cha kutandaa, kipana na chepesi. Kikapu kinaelea kwa sababu cha mguso hakipo. Watu wanahangaika kukifanya kile kipana kuwa cheusi zaidi, na kikapu kinazidi kuelea.

Sasa kazi yenyewe. Natumia GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, ni ya bure na inatosha.

Anza na kukata. Wekundu ule si doa la kufuta. Pikseli ya ukingoni imebeba rangi mbili kwa pamoja, ya mkonge na ya kanga iliyokuwa nyuma. Dawa yake ni kukata ndani kidogo ya ukingo. Chukua `Paths Tool`, ukuze picha, kisha fuatisha umbo la kikapu pikseli moja au mbili kwa ndani. Nafasi zilizo ndani ya vishikio zifuatishe peke yake na uzitoe kwenye uteuzi, maana ndimo kanga inamojificha. Geuza mstari wako uwe uteuzi, nenda `Select > Feather`, weka 1, kisha bofya tabaka la picha na uchague `Add Layer Mask`, halafu `Selection`. Hapo hujafuta kitu, umekificha tu. Ondoa uteuzi kwa `Select > None`, na ukikosea, paka nyeupe kwenye barakoa hiyo na kilichofichwa kinarudi.

Weka chini yake tabaka jeusi kwa muda. Juu ya weupe makosa mengi hujificha, juu ya weusi yanajitokeza yote. Nyuzi za mkonge zilizochomoza usizipiganie, kwa kuwa zimeshanywa wekundu wa kanga. Zikate. Safari nyingine zipunguze kwa mkasi kabla ya kupiga picha, na utundike shuka jeupe nyuma ya kikapu, hatua moja hivi kutoka kilipo.

Ukiridhika, badilisha tabaka jeusi liwe jeupe, tuingie kwenye kivuli. Vipimo ninavyotoa ni vya picha yenye upana wa pikseli 3000. Yako ikiwa nusu ya hapo, navyo vigawe nusu, isipokuwa `Opacity`.

Fungua tabaka jipya tupu chini ya kikapu. Kwa `Ellipse Select Tool` chora yai jembamba sana kwenye kitako, fupi kidogo kuliko upana wa kitako, kimo chake kama pikseli 40, na nusu yake ya juu ijifiche nyuma ya kikapu. Lijaze kahawia iliyokolea uliyoichukua kwenye sehemu ya giza ya kikapu chenyewe. Nyeusi tupu huonekana kama wino uliomwagika. Ondoa uteuzi tena kwa `Select > None`. Hatua hiyo wengi wanairuka, halafu wanashangaa kivuli kimekatika kwa mstari mkali: ukungu hauvuki mpaka wa uteuzi. Kisha `Gaussian Blur` ya 10, na `Opacity` ya tabaka ishuke hadi 60.

Tabaka la pili likae chini ya hilo. Yai hili ni pana, linazidi kikapu kwa theluthi moja upande wa kulia, kimo pikseli 250. `Gaussian Blur` 80, `Opacity` 20. Ficha na ufichue tabaka la mguso mara mbili tatu. Utaona kikapu kinapaa na kutua mbele ya macho yako.

Nimesema kulia kwa sababu kwenye picha yako ubavu wa kushoto ndio unaong'aa. Mwanga ulitoka huko. Hapa ndipo wanapoharibu hawa wanaojitangaza kukata picha mia kwa siku. Niliwahi kuletewa katalogi ya bidhaa za ukindu, imeshachapwa, mwenye mali anauliza kwa nini haipendezi. Vivuli vyote vilielekea kulia, hata kwa vikapu vilivyopigwa mwanga ukitoka kulia. Fundi wake alitengeneza kivuli kimoja akakibandika kote. Kibaya zaidi, kile kitufe cha kukata kilikuwa kimenyoosha midomo ya vikapu: pale msukaji alipoacha mawimbi ya mkono wake, palikuwa na mstari kama wa rula. Mteja anayeagiza kwa picha ile akipokea kikapu halisi ana haki ya kusema si chenyewe. Alilipia uchapaji mara mbili.

Tena kuna picha ambazo hakuna kivuli laini kitakachozisaidia. Kikapu kilichopigwa saa sita mchana juani kina mng'ao mkali juu na giza kali chini ya mdomo. Ukikiwekea kivuli laini, sehemu mbili za picha zinapingana. Anayekuambia atairekebisha hiyo kwa dakika mbili anataka hela yako. Rudi kibarazani, kwenye kivuli cha paa, upige upya.

Mwisho, picha uliyonitumia ina upana wa pikseli 900 tu, kwa sababu WhatsApp hubana picha. Kwa katalogi ya kuchapwa, picha ya upana wa sentimita 10 inahitaji karibu pikseli 1180, na hiyo ni ya kikapu peke yake bila weupe wa pembeni. Ile halisi bado iko kwenye simu yako. Anza kukata upya kutoka hiyo, na ukitaka niitazame, itume kama `Document`.