Bima ilikatizwa, dari ikavuja: barua ya kuirejesha iandikweje?

*Nyumba yangu ya Bamburi ina bima ya mwaka mzima niliyolipiwa na benki kwa mkopo, nami nikawa narudisha kwa awamu kumi. Awamu moja ilinipita, benki ikaagiza bima ikatizwe tarehe 29 Aprili 2025. Sasa pesa ninazo, lakini kampuni ya bima inataka barua ya kuomba irejeshwe na kuthibitisha kwamba tangu siku hiyo hakuna hasara iliyotokea. Taabu yangu ni kwamba katikati ya Mei dari ya chumba kimoja ilivuja, nikamwita fundi akaziba kwa shilingi 6,500. Sidai chochote kwa mtu. Niandike tu kwamba hakukuwa na hasara?*

La, dada yangu, usiandike hivyo. Uvujaji huo utaje kwa sentensi mbili, kisha uendelee na ombi lako. Kuutaja hakutakuharibia ombi. Kuuficha ndiko kunakoweza kukuponza mwaka huu huu.

Wengi husoma neno "hasara" katika barua hizi kana kwamba maana yake ni "jambo nitakalodai fidia". Kampuni haiulizi hivyo. Inauliza kama kuna uharibifu, wizi, ajali au jambo lolote linaloweza kuzaa madai, liwe lilikugharimu kidogo au halikukugharimu kabisa. Dari iliyolowa ni uharibifu hata kama umeutengeneza kwa pesa zako. Kwa kweli huenda bima isingeulipia hata kama ingekuwa hai, kwa sababu bima nyingi za nyumba hulipa kwa tufani au bomba lililopasuka, si kwa bati lililochoka likapitisha maji kidogo kidogo. Lakini hilo ni suala la fidia. Barua yako itapimwa kwa swali moja tu: maneno uliyotia sahihi yalikuwa kweli au si kweli?

Sasa tazama linavyoweza kukurudia. Tuseme mwezi wa Novemba upepo unang'oa bati za upande uleule na maji yanaharibu vyumba viwili. Kampuni inamtuma mtathmini wa hasara. Anapanda darini, anaona mbao zenye alama ya maji ya zamani chini ya alama mpya, na kiraka cha lami ambacho hakikuwekwa jana. Anauliza ni lini kiliwekwa. Fundi ulimlipa kwa M-Pesa, na ujumbe wa malipo una tarehe ya Mei. Hapo mzozo hauhusu tena upepo, unahusu barua yako. Bima husimama juu ya ukweli kamili wa anayekata bima, na kampuni ikionyesha kwamba ulificha jambo lenye uzito, inaweza kukataa madai yote, si ya kile chumba kimoja pekee.

Huenda unajiuliza barua ni ya nini ikiwa siku zile hazitafidiwa. Nchini Kenya, kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinaikataza kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada yake, kwa hiyo kwa kawaida bima hurejea kuanzia siku pesa zinapoingia, hairudi nyuma. Hata hivyo namba ya bima hubaki ileile na tarehe ya kuisha ileile, na mtu akiitazama baadaye ataona mwaka mmoja usiokatika. Kampuni inaogopa mwenye nyumba aliyeibiwa tarehe 10, akalipa tarehe 19, kisha akaja kudai kwamba wezi waliingia tarehe 21. Barua hiyo ndiyo inayofunga mlango huo.

Kabla ya kutia sahihi, izunguke nyumba. Nawaambia wateja wangu waanze na paa na dari, kisha tangi la maji, kisanduku cha mita ya umeme, ukuta wa uani na vitasa vya milango. Halafu mwulize anayekusaidia kazi za nyumbani kama aliumia humo ndani, na kama kuna mgeni aliyeanguka kwenye ngazi. Bima nyingi za nyumba zina sehemu ya majeraha ya mfanyakazi na sehemu ya dhima kwa watu wengine, na hapo ndipo watu husahau. Mteja wangu mmoja alithibitisha kwa moyo mweupe kwamba hakuna lolote, kumbe kijana wake wa bustani alikuwa ameshonwa nyuzi nne mguuni wiki iliyotangulia. Hakudanganya, ila hakuuliza.

Barua yenyewe haihitaji maneno mengi. Yako ningeiandika hivi:

> KUH: OMBI LA KUREJESHWA KWA BIMA YA NYUMBA NAMBA ………
>
> Bima iliyotajwa hapo juu, ya nyumba yangu iliyoko Bamburi, ilikatizwa tarehe 29 Aprili 2025 kwa sababu ya awamu ya mkopo ambayo haikulipwa kwa wakati. Naomba irejeshwe kuanzia siku mtakapopokea ada inayodaiwa.
>
> Nimeikagua nyumba leo na kuwauliza wanaoishi humo. Nathibitisha kwamba, kwa kadiri ninavyojua, tangu tarehe 29 Aprili 2025 hadi saa nne asubuhi ya leo, tarehe 19 Mei 2025, hakuna hasara, ajali, wizi, jeraha wala jambo lolote linaloweza kuzaa madai, isipokuwa hili: katikati ya Mei maji ya mvua yalivuja kwenye dari ya chumba kimoja cha kulala. Paa lilizibwa na fundi kwa shilingi 6,500. Picha na uthibitisho wa malipo nimeviambatisha.
>
> Sitadai fidia kwa uvujaji huo, wala kwa jambo lolote lililotokea bima ilipokuwa imekatizwa.
>
> Jina, sahihi, tarehe na saa.

Saa niliyoiweka si ya mapambo. Tamko linafika hadi pale ulipotia sahihi, basi. Ukiandika Jumatatu, ukakaa na barua mkobani, ukalipa Alhamisi, siku tatu zinabaki bila tamko, na karani makini atakurudisha uandike upya. Tia sahihi siku ileile ya kulipa.

Anza lakini kwa kuipigia kampuni simu, uulize kama imekwisha kuirudishia benki ada ya miezi iliyobaki. Ikiwa bado, huenda ukatakiwa kulipa awamu iliyokupita na benki iandike kwamba imeondoa agizo lake. Ikiwa imerudishwa, benki itabidi ilipe tena au ulipe wewe mwenyewe, na wakati mwingine ni rahisi kukata bima mpya kuliko kufufua hii. Kampuni ikikupa fomu yake ya Kiingereza yenye mstari wa "no known losses", usitie sahihi ilivyo. Andika uvujaji ule chini ya mstari huo kwa mkono, au andika "tazama barua", kisha ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Tarajia waombe kuja kuiona dari, au waseme chumba kile hakitalipiwa kwa maji hadi paa litengenezwe vizuri. Yote mawili ni ya haki. Na hata ukishalipa, usijihesabu una bima mpaka upate hati ya nyongeza inayotaja tarehe ya kurejeshwa. Isome tarehe hiyo papo hapo. Nimewahi kuona imeandikwa mwezi usio wake.