Thamani ya mashine kitabuni: ihakiki kwa kuanzia mwisho

Hesabu ya uchakavu wa mstari mnyoofu ni nyepesi, na ndiyo sababu wengi hawaihakiki. Unatoa thamani ya mabaki kwenye gharama, unagawa kwa miaka ya matumizi, basi. Kwa miaka niliyoweka na kukagua vitabu vya biashara ndogo hapa Mombasa, nimeona kosa huwa haliko kwenye kugawa. Huwa liko kwenye namba zilizoingizwa kabla ya kugawa na kwenye tarehe. Kwa hivyo mtu akinipa thamani ya kitabuni, yaani gharama ukitoa uchakavu uliokwisha kutozwa, sirudii hesabu yake kwa njia aliyopita yeye. Naanzia upande wa pili.

Nitaeleza kwa mashine ya kutengeneza barafu ya mteja wangu wa Likoni, anayeuzia wavuvi na wachuuzi wa samaki. Alitaka kumwingiza nduguye kwenye biashara, na hisa zikapangwa kwa thamani ya vitabuni ya tarehe 31 Desemba 2023. Daftari la mali lilionyesha shilingi 610,000.

Kabla ya kugusa kikokotoo niliomba stakabadhi. Mashine ilifika kwa shilingi 1,240,000 pamoja na ushuru wa forodha. Lori na kreni kutoka bandarini vilikula 45,000. Msingi wa zege, nyaya za umeme na fundi wa kufunga, 75,000. Jumla ni 1,360,000, na yote hiyo ni gharama ya mashine, kwa sababu bila lori na bila zege isingetoa hata kipande cha barafu. Kodi ya ongezeko la thamani hatukuiweka, kwani biashara imesajiliwa na huidai kutoka KRA. Asiyesajiliwa hairudishiwi, kwa hivyo kwake nayo huingia kwenye gharama. Pesa za kumfundisha kijana wa kuiendesha haziingii. Hizo ni matumizi ya mwaka ule ule.

Muda wa matumizi uliwekwa miaka 8, na thamani ya mabaki 160,000, yaani pesa ambazo mwenyewe anatarajia kupata akiiuza mwisho wa muda huo. Ukitoa 160,000 kwenye 1,360,000 unabaki na 1,200,000. Gawa kwa 8, uchakavu ni 150,000 kwa mwaka, au 12,500 kwa mwezi. Hiyo 12,500 iandike pembeni mwa karatasi, maana ndiyo utakayoitumia kupimia kila kitu.

Sasa tarehe. Mashine ilifungwa, ikajaribiwa na kutoa barafu safi mwishoni mwa Machi 2019, kwa hivyo uchakavu unaanza Aprili. Mteja alinikatiza: "Lakini ami, Aprili kusi lilishaanza, vyombo vingi vilikuwa pwani. Barafu nimeanza kuuza Julai." Nilimwelewa, maana wakati wa kusi bahari huchafuka na ngalawa ndogo hukaa. Ila kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali na mitambo, IAS 16, inasema uchakavu huanza mashine inapokuwa tayari kwa kazi mahali pake, si siku ya mauzo ya kwanza. Wala hausimami kwa sababu mashine imelala. Ingekuwa umeme haujafungwa hadi Julai, tungeanza Julai, kwa sababu mashine isiyo na umeme haiko tayari.

Kutoka Aprili 2019 hadi Desemba 2023 ni miezi 57: tisa ya mwaka wa kwanza, na 48 ya miaka minne iliyofuata. Mara 12,500 ni 712,500. Toa kwenye 1,360,000, thamani ya kitabuni ni 647,500.

Hapa ndipo ninapoanzia mwisho. Miaka 8 ni miezi 96. Imekwenda 57, imebaki 39. Miezi 39 mara 12,500 ni 487,500, huo ni uchakavu ambao haujatozwa bado. Ongeza mabaki 160,000, unapata 647,500. Njia mbili zimekutana. Zisipokutana, kuna mwezi umehesabiwa vibaya au mabaki yameshughulikiwa kimakosa, na hapo usipeleke namba popote.

Ikabaki ile 610,000 ya daftari. Tofauti yake na 647,500 ni 37,500. Igawe kwa 12,500: inatoka 3 kamili, bila salio. Tofauti ikigawanyika hivyo kwa uchakavu wa mwezi, kosa karibu kila mara ni la tarehe. Aliyeweka hesabu alitoza 2019 mwaka mzima, Januari hadi Desemba, wakati Januari hadi Machi mashine haikuwa tayari. Chanzo tulikiona kwenye kompyuta:

```
=SLN(1360000,160000,8)
```

Fomula hii ni sahihi na inatoa 150,000. Lakini haijui tarehe. Yeye alizidisha mara 5, kwa kuwa 2019 hadi 2023 ni miaka mitano ya kalenda.

Tofauti ya aina nyingine hujitambulisha vingine. Uchakavu wa mwaka ukiwa 170,000 badala ya 150,000, ile 20,000 ya ziada ni mabaki yaliyogawanywa kwa 8: mtu amesahau kuyatoa. Ukikuta thamani ya kitabuni ni 487,500, mabaki yametolewa mara mbili, mara ya kwanza kabla ya kugawa na mara ya pili mwishoni. Hili naliona sana, kwa sababu mtu huona mabaki kama kitu kinachopunguza thamani, kumbe ndiyo sakafu: thamani ya kitabuni inashuka hadi 160,000 mwishoni mwa Machi 2027 na kusimama hapo. Na uchakavu ukiwa 135,000 kwa mwaka, lori, kreni na zege zimeachwa nje.

Nilimkumbusha pia kwamba 647,500 si bei ya sokoni, wala si namba ya kodi. KRA haikubali uchakavu wa vitabuni kama punguzo. Ina makato yake ya mtaji, yanayohesabiwa kando.

Kisha kuna chumvi. Fundi aliikagua mashine Januari 2024 akakuta mapezi ya kondensa yameliwa na hewa ya bahari, akasema haitafika 2027. Mwenyewe alikadiria miezi 30 zaidi, na mabaki yakashuka hadi 100,000. Nduguye akauliza kama tutafungua tena vitabu vya miaka iliyopita. Hapana. Makadirio ya 2019 yalikuwa halali kwa yaliyojulikana 2019, na makadirio yakibadilika, mabadiliko huenda mbele tu. Kosa la ile miezi mitatu ni jambo jingine: lile lilikuwa kosa la hesabu, na lilirekebishwa lilikotokea.

Tukachukua 647,500, tukatoa 100,000, ikabaki 547,500. Tukaigawa kwa miezi 30: uchakavu mpya ni 18,250 kwa mwezi, sawa na 219,000 kwa mwaka wa 2024. Mwisho wa mwaka huo kitabu kitasoma 428,500. Ukianzia mwisho, miezi 18 iliyobaki mara 18,250 ni 328,500, na mabaki 100,000 juu yake.