Fundi wa nguo na mwenye kinu cha unga hawapigi hesabu moja

Mimi huwekea watu vitabu vya biashara hapa Nakuru, na hili swali mimi huulizwa kila saa: nitumie jobu kostingi, yaani kila kazi na hesabu yake, ama prosesi kostingi, yaani gharama yote inakusanywa ndio igawanywe? Kwa fundi wa nguo ni rahisi. Kila nguo iko na mwenyewe, so kila nguo ipate kadi yake. Gauni ya harusi: kitambaa 1,800, laining, zipu na uzi 350, masaa 8 ya kushona kwa 120 ni 960. Halafu renti na stima usizisahau, kama ni 12,000 kwa mwezi na cherehani inafanya masaa 200 hiyo ni 60 kwa saa, hapa 480. Jumla 3,590. Akikuja wa kupunguza suruali naye ana kadi yake, hawa wawili usiwachanganye kabisa.

Sasa kwa kinu cha unga wa mahindi wa gredi wani hiyo haiwezekani, kwa sababu hakuna mtu anaweza kuniambia hii pakiti imetoka gunia gani. Hapo unakusanya gharama yote ya wiki ndio ugawe. Lakini ugawe na nini? Hapo ndio watu huumia.

Tuseme umenunua magunia 100 ya kilo 90 kwa 4,000, hiyo ni 400,000. Ongeza stima, wafanyikazi na pakiti 60,000, inakuwa 460,000. Wengi hugawa na kilo 9,000 zilizoingia, wanapata kama bob 51, wanauza 60 wakidhani wanakula tisa. Kumbe zile zilizotoka ni unga kilo 6,300, pumba 2,500, na 200 zimeenda na vumbi na unyevu. Pumba umeuzia watu wa ng'ombe kwa 20, hiyo ni 50,000, itoe kwa gharama zibaki 410,000, ndio ugawe na kilo 6,300 za unga. Ni 65. Kwa hivyo ukiuza 60 unapoteza tano kwa kila kilo na duka limejaa wateja, si ajabu wanajaa!

Hizo kilo 200 ni kawaida, wacha unga mzuri uzibebe. Lakini wiki moja zikipotea 500, zile 300 za ziada usizifiche ndani ya bei. Ziandike kando kwa 65, ni 19,500, ndio uone kama mahindi yalikuja na maji, ama chekecheo imetoboka, ama kuna mtu anabeba usiku.

Fundi akipata oda ya sweta 80 za shule zote saizi moja, hiyo oda yote ni kadi moja, unagawa na 80 mwishoni. Na kama yako ni kisiagi cha mtaani, watu wanakuja na debe yao, mahindi si yako, usiyaweke kwa hesabu. Gawa stima, mshahara na mawe ya kusagia kwa madebe uliyosaga, basi.