Mtu wa makamo, umbo la wastani: huyo ni nani?

*Swali: Katika hadithi yangu kuna mtu anayekuja kudai deni. Nimeandika: "Aliingia mtu wa makamu, mwenye umbo la wastani, maji ya kunde, nywele za kawaida na mavazi ya heshima." Rafiki yangu anasema ni "makamo", si "makamu". Nani yuko sahihi?*

Rafiki yako. Makamo ni umri, makamu ni naibu wa mwenye cheo. Yote mawili yametokana na neno moja la Kiarabu, maqam, lenye maana ya mahali au daraja, lakini Kiswahili kimeyagawia kazi mbili na hakuna sababu ya kuzichanganya. Hilo limekwisha.

Lisilokwisha ni sentensi yenyewe. Hata ukirekebisha herufi hiyo moja, bado hujamwingiza mtu yeyote mlangoni. Isome tena kama mtu asiyekujua. Huyu mdai ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakina "yeye" wa kike na wa kiume, na kiambishi "a-" cha "aliingia" hakitusaidii kitu. Umetumia sifa tano na msomaji hajajua hata hilo. Atafanya nini? Atachukua uso ulio karibu kichwani mwake, mara nyingi wa kiume, usio na kovu wala kasoro, na kuuvika maneno yako. Mhusika wako wa ukurasa wa pili atapewa uso huohuo, na wa ukurasa wa kumi pia, maana hakuna ulichosema cha kumzuia msomaji. Ndiyo maana hadithi nyingi zina watu ishirini na sura moja.

Adui yangu hapa ni "wastani". Nimelisoma neno hili hadi limenikinai. Linatokana na wasat, yaani katikati, na kwa hesabu ni neno zuri: ukinipa urefu wa watu mia, nitakutafutia wastani wao. Lakini mtu mmoja hana wastani. Ana mabega, shingo, tumbo na miguu, na viungo hivyo havilingani. Kuna mwanamume mwembamba wa mikono mwenye kitambi kinachoning'inia juu ya mshipi. Kuna mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwembamba wa miguu. Ukiwaita wote wawili "umbo la wastani" umefuta kile kilichowatofautisha, na msomaji hawezi kukirudisha. Kiswahili hakijatunyima maneno: tuna pandikizi la mtu, kimbaumbau, bonge, kibyongo. Na ukikosa neno moja, taja viungo viwili visivyolingana. Umbo linaonekana papo hapo.

"Za kawaida" na "ya heshima" ni ndugu zake wastani. Nywele za kawaida ni za nani? Za kipilipili zilizokatwa karibu na ngozi? Za singa zilizofungwa nyuma? Zilizosukwa wiki tatu zilizopita, sasa zimefumuka kwenye panja? Na heshima ni hukumu yako juu ya nguo, haituonyeshi nguo yenyewe.

Rangi ya ngozi inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mazoea ya kuongea hutuponza tunapoandika. Nyumbani tunasema "yule mweupe" tukimaanisha aliye na rangi nyepesi kuliko ndugu zake, na wote waliopo wanaelewa. Kwenye karatasi ndugu zake hawapo. Msomaji akikuta "mwanamke mweupe" anaweza kumwona Mzungu, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. "Maji ya kunde" si kosa. Ni rangi halisi, ya maji yaliyochemshiwa kunde, kahawia yenye wekundu. Kosa ni kumpa kila mtu. Na "mweusi" peke yake haitoshi, kwa kuwa weusi una viwango. Sema kwanza umekoza kiasi gani, kisha sema unaelekea wapi: kwenye wekundu, kwenye umanjano, au ni weusi wa kina unaokaribia buluu. Halafu kumbuka kwamba ngozi ya mtu mmoja haina rangi moja. Paji la uso na mgongo wa mkono unaopigwa na jua huwa umekoza kuliko upande wa ndani wa mkono huohuo. Kiganja ni chepesi kuliko vyote. Ukilitaja hilo mara moja tu, msomaji atajua umemtazama mtu huyo.

Umri nao usiuache kwa "makamo", hata ukiandikwa sawasawa. Neno hilo humeza miaka ishirini nzima, na mtu wa miaka 41 hafanani na wa miaka 58. Andika umri ukipenda, lakini mwili unausema vizuri zaidi. Kuanzia miaka ya arobaini hivi, macho ya wengi huanza kushindwa kusoma maandishi ya karibu, na mtu hujikuta akiisogeza karatasi mbali na uso. Mikunjo ya pembeni mwa macho hubaki hata kicheko kikiisha. Mvi kwa wengi huanzia kwenye panja kabla ya kufika utosini.

Sasa tumwingize mdai wako tena. Nimechagua awe mwanamke, kwa kuwa wewe hukuchagua:

*"Mwanamke aliyeingia alikuwa amepita hamsini. Mfupi, mpana wa mabega, miguu myembamba. Ngozi yake ilikuwa nyeusi iliyokoza, yenye wekundu kidogo mashavuni. Nywele za kipilipili alizikata karibu na ngozi, nyeupe kwenye panja na nyeusi utosini. Gauni lake la buluu lilikuwa limepauka mabegani, lakini upindo ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi mweusi. Aliipokea hati, akaisogeza mbali na uso, akaanza kusoma."*

Tazama gauni. Sikusema ni la heshima wala la kimaskini. Nguo hupauka mabegani kwa sababu jua hupiga hapo kwanza, hulegea viwikoni kwa kukunjwa, na kola huchanika pale inaposuguana na shingo. Ukijua inapochakaa, huhitaji neno "kuukuu". Upindo ulioshonwa upya unamwambia msomaji kwamba mwenye gauni hana fedha za kununua jingine na hakubali kuonekana hovyo. Heshima yako imo humo, na sasa tunajua kwa nini amelifuata deni lake hadi mlangoni.

Tazama pia kwamba hakuna "mwenye… mwenye… mwenye". Mnyororo huo ndio unaoifanya sifa ya tano isomwe bila kusikika. Nimezigawa sifa kwenye sentensi fupi, na ile ya umri nikairudia ndani ya tendo la kusoma.

Ukitaka kujua kama sura zako zimegongana, futa majina ya wahusika watatu, onyesha maelezo yao kwa mtu aliyesoma hadithi, na umwombe aseme nani ni nani. Akibahatisha, rudi mezani. Sisemi umpe kila mpita njia aya nzima. Dereva anayetokea mara moja anatosha kwa kitu kimoja, labda kidole kilichokatika.

Na wastani nitauvumilia mahali pamoja. Shahidi wako akimwona mwizi gizani, kwa mgongo, akikimbia, mwache aseme "umbo la wastani, mtu wa makamo nadhani". Hicho ndicho alichokiona kweli, na askari atakayeandika maelezo yake atakasirika kama mimi.