Pistoni bila maandishi: ya CG125 au Boxer?

"Wakuu, pistoni kwenye picha hii ni ya pikipiki gani? Maandishi ya juu yamefutika. Muuzaji anasema ni ya CG125."

Mkuu, picha hiyo haitoshi, kwa sababu haina kipimo. Kwanza loweka kichwa cha pistoni kwenye petroli, usugue masizi kwa kitambaa (si msasa, utafuta kilichobaki). Mara nyingi chini yake kuna namba kama 25 au 50, yaani saizi iliyoongezwa baada ya kuchonga silinda.

Kisha pima upana kwa vanieri, sehemu ya chini, upande usio na tundu la pini. Pistoni si duara kamili, na juu ni nyembamba kidogo.

Hapo ndipo penye mtego. Silinda ya CG125 ni milimita 56.5, ya Boxer 150 ni 56. Boxer ikichongwa saizi 50 inafika 56.5 vilevile! Kwa hiyo upana peke yake hauamui. Pima pia tundu la pini, na umbali kutoka tundu hadi juu ya kichwa, ulinganishe na pistoni ya zamani.

Piga picha upya: moja ya juu ionyeshe vikato vya valvu, nyingine ya ubavu, rula ikiwa kando.